Laki saba mkononi, nakisi mezani: hesabu za klabu ya mpira ya kijijini

Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji siku mbili kabla ya mkutano mkuu wa klabu. Ilikuwa karatasi moja ya mistari, kalamu ya bluu, mwandiko mzuri. Juu iliandikwa TAARIFA YA MAPATO NA MATUMIZI, JANUARI HADI DESEMBA 2023. Chini ya kichwa hicho palikuwa na mistari kumi na moja na jumla mbili zinazolingana. Mstari uliosomwa na kila aliyepita ulikuwa wa mwisho upande wa kulia: salio, shilingi 748,000.

Kijiji kiko Muheza, kwenye mashamba ya machungwa. Klabu ina wanachama 60 wa daftarini, timu moja ya wakubwa, kocha anayelipwa posho, na uwanja wa kukopa kutoka shule ya msingi. Mimi niliwahi kufundisha utunzaji wa hesabu sekondari, sasa nimestaafu, kwa hiyo mweka hazina aliniletea daftari lake jioni moja. Hakuwa na wasiwasi na jumla zake. Wasiwasi wake ulikuwa vijana, ambao walikwishaanza kupanga kununua jezi mpya kwa pesa ile, na moyoni alihisi kwamba pesa ile si ya jezi. Alishindwa tu kuionyesha hisia hiyo kwa tarakimu.

Karatasi yenyewe ilisema hivi:

| Zilizoingia | Sh | Zilizotoka | Sh |
|---|---|---|---|
| Salio 1 Januari | 310,000 | Magoli ya chuma na nyavu | 900,000 |
| Ada za wanachama | 648,000 | Nauli za mechi za ugenini | 420,000 |
| Mchango wa mdau | 1,500,000 | Mashindano: mbuzi na waamuzi | 300,000 |
| Viingilio vya timu kwenye mashindano | 360,000 | Posho ya kocha | 240,000 |
| | | Mipira na dawa | 150,000 |
| | | Chokaa, vocha na mengineyo | 60,000 |
| | | Salio 31 Desemba | 748,000 |
| Jumla | 2,818,000 | Jumla | 2,818,000 |

Nilianza na jambo rahisi kuliko yote. Tulihesabu noti za kwenye kopo, 133,000, kisha akanionyesha salio la laini ya simu ya klabu, 615,000. Jumla ni 748,000, bila kupungua hata mia. Basi daftari la huyu dada lilikuwa safi, na nililisema hilo mapema kwa sababu najua mikutano ya kijijini inavyokwenda.

Kasoro ilikuwa kwenye kichwa cha karatasi. Sisi Waswahili tumezoea kuita kila orodha ya pesa "mapato na matumizi": ya kijiji, ya msikiti, ya kwaya, ya harusi. Ile ya mlangoni ilikuwa hesabu ya mapokezi na malipo. Ni daftari la fedha lililofupishwa tu. Inaanza na pesa iliyokuwepo, inaorodhesha kila iliyopita mkononi, inamalizia na iliyobaki. Haiulizi pesa ni ya mwaka gani, wala kama ilinunua kitu cha siku moja au cha miaka sita, wala kama ni ya klabu au imewekwa amana kwa kazi maalumu. Hesabu ya mapato na matumizi yenyewe inauliza kitu kingine kabisa: je, yale ambayo klabu ilistahili kupata kwa mwaka 2023 yalitosha kulipia yale iliyoyatumia kwa kucheza mpira mwaka 2023? Haina salio la kuanzia wala la kumalizia. Mwisho wake ni ziada au nakisi.

Kutoka karatasi ya kwanza kwenda ya pili hakuhitaji daftari jipya. Kunahitaji maswali, na majibu yake mengi yamo kwenye nakala za stakabadhi na vichwani mwa watu.

Tulianza na ada, maana hapo ndipo watu hukosea zaidi. Ada ni 12,000 kwa mwaka. Zilizoingia ni 648,000, yaani stakabadhi 54. Nilimwomba azigawe kwenye mkeka kufuatana na mwaka ulioandikwa ndani, si tarehe ya kulipa. Stakabadhi 5 zilikuwa za deni la 2022. Wenyewe walilipa Februari. Nyingine 5 zilikuwa za 2024, watu waliouza machungwa vizuri wakaamua kulipa mapema pesa isije ikaliwa. Zilizobaki, 44, ndizo za 2023. Kisha tukafungua kitabu cha mwaka wa nyuma, tukakuta watu 3 walikwishalipia 2023 tangu Desemba 2022.

Hesabu inakwenda hivi. Chukua 648,000, ondoa 60,000 ya 2022 na 60,000 ya 2024, inabaki 528,000. Ongeza 36,000 ya wale watatu waliotangulia. Hiyo ni 564,000, watu 47. Wanachama ni 60, kwa hiyo 13 hawajalipa, sawa na 156,000. Ukiongeza hiyo unapata 720,000. Mwanafunzi hupotea hapa katikati, hajui kipi cha kujumlisha na kipi cha kutoa, na mara nyingi anapata namba inayofanana na ukweli. Dawa yake ni ndogo: wanachama 60 mara 12,000 ni 720,000. Ukimaliza kujumlisha na kutoa kwako usipoifikia namba hiyo, kuna stakabadhi umeiweka kwenye rundo lisilo lake.

Lakini kuandika 720,000 na kunyamaza nako ni kujidanganya. Nilimuuliza hao 13 ni akina nani. Tisa wapo, anaonana nao gengeni. Wanne wamehama kijiji, na mmoja wao hata namba yake ya simu haipatikani tena. Deni la wanne hawa, 48,000, tuliliandika kwenye matumizi kama ada isiyolipika. Deni linalobaki kudaiwa ni 108,000. Mtu mwingine angewafuta tu wanne hao na kuandika mapato 672,000. Jibu la mwisho ni lile lile. Mimi napenda 48,000 ionekane, ili mkutano ujue kwamba kutofuatilia ada kuna bei yake.

Viingilio vya mashindano havikuwa na shida. Timu 12, kila moja 30,000, zote zililipa kabla ya mechi ya kwanza. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu timu ikishatolewa humpati tena nahodha wake.

Upande wa matumizi, nauli. Kosta ya kwenda ugenini inakodiwa kwa mkopo wa kirafiki, mwenye gari anaandika kwenye kijitabu chake. Katika zile 420,000 zilizolipwa, 70,000 ilikuwa ya safari ya Desemba 2022. Na kijitabu cha mwenye gari kilionyesha 110,000 ya safari mbili za Desemba 2023 ambayo haijalipwa. Matumizi ya nauli ya mwaka basi ni 420,000 kutoa 70,000, ongeza 110,000: 460,000. Hapo ilibidi twende kwa mwenye gari wenyewe. Deni ambalo hujalipa haliachi stakabadhi kwako. Liko kwa anayekudai. Mtu akikaa na daftari la klabu peke yake hawezi kuliona hata akikesha.

Posho ya kocha ilikuwa na simulizi yake. Ni 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka. Alilipwa 240,000, miezi minane. Kuanzia Septemba mpaka Desemba hakupata kitu. Ada nyingi huingia katikati ya mwaka, machungwa yakiwa yanauzwa. Yakiisha, kopo linakauka. Kocha hakudai kwa sauti, aliendelea kuja mazoezini na baiskeli yake. Kwenye karatasi ya mlangoni ukimya wake ulisomeka kama akiba: posho 240,000, chini kuliko mwaka uliopita. Kwa kweli klabu ilitumia kazi ya 360,000 na kumkopa mtu 120,000 bila kumwambia kwamba inamkopa.

Halafu jezi. Hizi hazimo kabisa kwenye karatasi ya 2023, kwa sababu zilinunuliwa Januari 2022 kwa 480,000. Lakini zilivaliwa 2023 nzima. Kwa jezi zinazofuliwa kila wiki na kuanikwa juani tulikubaliana umri wa miaka miwili, yaani 240,000 kila mwaka. Hiyo ni matumizi ya 2023, ingawa hakuna shilingi iliyotoka. Mtu anaweza kubisha kwamba zingeweza kuvaliwa mwaka wa tatu. Sawa, angeandika 160,000. Umri wa kifaa ni makadirio, hautoki kwenye stakabadhi yoyote. La muhimu ni kuuamua siku unaponunua, si siku unapotaka nakisi ipungue.

Kilichobaki ni mchango wa 1,500,000, na hapa ndipo kesi yote ilipo. Ulitolewa na mwana wa kijiji anayefanya kazi mjini. Barua yake ipo, mistari sita: 900,000 kwa magoli ya chuma, 600,000 kwa banda la kubadilishia nguo. Magoli yalinunuliwa. Banda halijajengwa. Pesa hii si mapato ya mwaka. Haikuja kulipia mpira wa 2023, imekuja na kazi yake mkononi, na ukiichanganya na ada utaona klabu ina ziada kubwa isiyokuwepo. Tuliiweka pembeni kwenye mfuko wake, ikiwa na vipande viwili: magoli, na pesa taslimu 600,000 inayosubiri banda.

Magoli tuliyakadiria miaka sita, uchakavu 150,000 kwa mwaka. Hapa walimu hatukubaliani. Njia ya vitabu vingi vya shule ni kuupeleka uchakavu huo kwenye matumizi ya mwaka, basi. Mimi niliupunguza kwenye mfuko wa mchango, kwa kuwa magoli yalilipiwa na mfuko huo, na swali la mkutano lilikuwa kama ada na viingilio vinatosha kuendesha timu. Anayefuata njia ya kwanza nakisi yake itazidi yangu kwa 150,000, na ana hoja: mwaka wa saba magoli yakioza kwa kutu, mdau huenda hayupo. Ukichagua moja, ishike hiyo hiyo mwaka hadi mwaka.

Baada ya maswali hayo karatasi ya pili ikawa fupi kuliko ya kwanza:

| Mapato na matumizi, 2023 | Sh |
|---|---|
| Ada za wanachama | 720,000 |
| Viingilio vya mashindano | 360,000 |
| Jumla ya mapato | 1,080,000 |
| Nauli | 460,000 |
| Posho ya kocha | 360,000 |
| Mashindano | 300,000 |
| Uchakavu wa jezi | 240,000 |
| Mipira na dawa | 150,000 |
| Chokaa, vocha na mengineyo | 60,000 |
| Ada zisizolipika | 48,000 |
| Jumla ya matumizi | 1,618,000 |
| Nakisi | 538,000 |

Mweka hazina aliitazama muda mrefu. "Mwalimu, kwa hiyo nimeiba?" Aliuliza akicheka, lakini hakuwa anacheka.

Hilo ndilo swali la kujibiwa kabla ya kusimama mbele ya watu. Pesa mkononi ilipanda kutoka 310,000 hadi 748,000, ongezeko la 438,000. Klabu inasema ina nakisi ya 538,000. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni 976,000, na lazima kila shilingi yake iwe na jina. Shilingi 600,000 ni mchango wa banda ambao bado umelala kwenye simu. 240,000 ni jezi, zilizochakaa bila kutoa pesa. 120,000 ni kocha ambaye hajalipwa. 40,000 ni nauli: deni jipya la 110,000 kutoa lile la zamani la 70,000. Hizo zinafika 1,000,000. Ondoa 24,000 za ada, yaani tofauti ya 672,000 zinazotarajiwa kwa mwaka na 648,000 zilizoingia. Inabaki 976,000. Hakuna mwizi ndani ya orodha hiyo. Nilimwambia aiandike kwenye kadi na kuiweka mfukoni.

Tulifanya pia jaribio la pili, la mizania ndogo, kwa sababu nakisi isiyofunga na mali na madeni siiamini hata nikiiandika mwenyewe. Tarehe 1 Januari 2023, klabu ilikuwa na pesa 310,000, ada za kudai 60,000, na jezi zenye thamani iliyobaki ya 240,000: jumla 610,000. Ilidaiwa nauli 70,000, na ilishika 36,000 ya watu waliolipa mapema. Hii ya mwisho ni deni pia, hao watu wanaidai klabu huduma. Mali kutoa madeni ni 504,000. Ndio mfuko wa klabu mwanzo wa mwaka. Ukiondoa nakisi ya 538,000 unafika 34,000 chini ya sifuri.

Sasa njoo kwa njia ya nyuma. Tarehe 31 Desemba, pesa 748,000 ukitoa 600,000 za banda ni 148,000. Ada za kudai 108,000. Jezi sifuri. Jumla 256,000. Madeni: kosta 110,000, kocha 120,000, ada za 2024 zilizolipwa mapema 60,000. Jumla 290,000. Tofauti ni 34,000 chini ya sifuri. Zimekutana. Zisingekutana, ningeanza upya na lile rundo la stakabadhi, kwani mara nyingi kosa huwa hapo.

Mkutanoni mwenyekiti alitaka karatasi ya kwanza isomwe, halafu ya pili. Nilimshauri kinyume: zibandikwe zote mbili sambamba, kila moja na jina lake halali. Haikusaidia sana. Mzee mmoja wa safu ya mbele alisimama kabla mweka hazina hajamaliza.

"Binti yangu, hapa umeandika laki saba zipo. Hapa umeandika tumepungukiwa laki tano. Nani kaila?"

"Hakuna aliyekula, babu. Laki sita ni za banda la mjukuu wako aliyeleta barua. Kocha tunamdai... samahani, kocha anatudai laki na ishirini. Kosta laki na kumi."

Mzee akamgeukia kocha. "Hujalipwa?" Kocha akatikisa kichwa tu. Ukumbi ukanyamaza, na nadhani kimya hicho kilifanya kazi kuliko jedwali langu. Kijana aliyetaka jezi akauliza, kwa adabu zaidi kuliko alivyoanza, kama jezi zinaweza kukopwa kwenye pesa ya banda kisha zirudishwe msimu wa machungwa. Mweka hazina akamjibu kwa swali: zirudishwe kutoka wapi, ikiwa ada za mwaka mzima hazikutosha hata nauli na kocha? Na kweli hazikutosha. Nauli na kocha ni 820,000, ada ni 720,000.

Kisha mjadala ukahamia pale ambapo karatasi ya mapokezi isingeweza kuufikisha. Mashindano yaliingiza 360,000 na kula 300,000. Faida ya 60,000 kwa wiki tatu za kelele. Walipandisha kiingilio cha timu kutoka 30,000 hadi 40,000, ambayo kwa timu 12 ni 120,000 zaidi. Ada ilipandishwa hadi 18,000, wengine wakinung'unika. Kwa wanachama 56 waliobaki ni 336,000 zaidi. Jumla 456,000. Bado 538,000 haijafikiwa. Ile 48,000 ya waliohama haitajirudia kwenye matumizi, lakini ada yao ya 48,000 nayo haimo tena kwenye mapato, kwa hiyo zinafutana. Pengo ni 82,000, na hapo walikubali wachezaji wachangie elfu moja moja kwa kila safari ya ugenini. Namba hizo ni za makadirio. Timu zikija 9 badala ya 12, mpango wote unayumba, na nililisema.

Niliulizwa kama klabu ndogo hivi inahitaji kweli karatasi ya pili kila mwaka. Jibu langu ni kwamba ile ya mapokezi na malipo inatosha kwa klabu isiyo na deni, isiyo na kifaa cha maana na isiyopokea pesa yenye masharti. Ikiwa na kimojawapo, basi angalau chini ya karatasi ya mlangoni ziandikwe orodha tatu fupi: tunaodaiwa nao, wanaodaiwa na sisi, na pesa iliyomo humu isiyo yetu kuitumia. Mweka hazina asiye na masomo ya hesabu ataziweza kwa dakika ishirini, na zingetosha kuzuia ule mpango wa jezi.

Laini ya pili ya simu ilisajiliwa wiki hiyo, 600,000 zikahamishiwa huko. Kocha alilipwa miezi miwili kati ya minne pale pale, kutoka kwenye kopo. Miwili iliyobaki ilisubiri. Bati na mbao za banda zilinunuliwa Machi. Mechi ya kwanza ya msimu vijana waliingia uwanjani na jezi zile zile za 2022, namba saba ikiwa imeshonewa upya kwa uzi mweusi.